Kisa Kimoja cha Kweli, Ombi Moja: Jinsi ya Kuipanga Video ya Mchango



Leo tuzungumze kuhusu video za mchango, zile za kuchangisha pesa ambazo kila siku zinaingia kwenye simu zetu. Wengi wenu mumeshawahi kuombwa mutengeneze moja, manake nyinyi ndio munaojua kushika kamera na kukata klipu. Munaitwa, munaambiwa "kuna mtoto anahitaji msaada, hebu fanyeni kavideo," na mukirudi nyumbani na dakika arubaini za picha, hamujui muanzie wapi.

Sitawafundisha kamera. Nataka tuangalie mpangilio tu: nini kije mwanzo, nini kifuate, na video iishe vipi hadi mtu aliyekuwa anapitisha kidole afungue M-PESA. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe nimeutunga, kwa sababu sitaki kumweka mtoto wa mtu mbele yenu kwa ajili ya somo. Video yenu ninyi lakini isitungwe hata sentensi moja, na hilo tutalifikia.

Mfano ni huu. Kuna mtoto wa kike wa miaka kumi, anaishi upande wa Kisauni, Mombasa, kwenye vichochoro vya mchanga. Hawezi kutembea. Mama yake anauza mahamri asubuhi, kisha anambeba mgongoni kumpeleka shule. Kinachotakiwa ni kiti cha magurudumu.

TUANZE NA MTU MMOJA

Jambo la kwanza ambalo kamati itawaambia ni hili: "Semeni pia kuhusu watoto wote wenye ulemavu katika kaunti, watu waone ukubwa wa tatizo." Linasikika kama jambo la busara. Kwa video ya mchango, linaharibu.

Mwaka 2007, watafiti watatu huko Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio lao kuhusu jambo hili hili. Watu walijaza fomu ya maswali wakalipwa dola tano tano. Kisha kila mmoja akapewa karatasi ya kuomba mchango kwa ajili ya njaa barani Afrika, atoe chochote katika zile dola tano. Kundi moja lilisoma kuhusu msichana mmoja wa miaka saba kutoka Mali, aitwaye Rokia. Kundi la pili lilisoma takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa. Kundi la tatu likapewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu.

Waliosoma kuhusu Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu walitoa dola 1.14. Na wale waliopewa vyote viwili? Dola 1.43. Ukitazama vizuri, takwimu hazikumwongezea Rokia kitu. Zilimpunguzia. Mtu akimwona mtoto mmoja anajiuliza "nimsaidie vipi?" Akiona mamilioni anajiambia "mchango wangu utafanya nini hapa?"

Kwa hiyo video yetu ina mtoto mmoja na mama yake. Basi. Idadi ya watoto wengine tuiweke kwenye ripoti ya kamati.

KUTAFUTA KISA: USIWASHE KAMERA KWANZA

Siku ya kwanza nendeni bila kamera. Kaeni na mama, munywe chai kama amewakaribisha, musikilize. Kosa kubwa la waulizaji ni kuuliza hisia: "Mama, unajisikiaje ukimwona mtoto wako hivi?" Mama wa watu atajibu nini? Atasema "najisikia vibaya", na jibu hilo liko katika kila video iliyowahi kutengenezwa.

Muulizeni mambo yanayoonekana kwa macho. "Mama, tuelezee asubuhi ya jana, tangu mlipoamka hadi mtoto akaingia darasani." Hapo ndipo vitu vya kweli vinatoka. Atawaambia anakaanga mahamri saa kumi alfajiri. Atawaambia akishambeba mtoto, begi la shule hulishika mkononi. Na katikati ya maneno anasema, kama jambo la kawaida tu: "Kutoka hapa hadi shule ni hatua mia saba. Nimezihesabu, kwa sababu nikifika mia nne lazima nikae."

Simameni hapo. Hiyo ndiyo sentensi yenu ya kwanza. Inabeba umbali, uzito, uchovu na miaka ya kufanya jambo lile lile, na hakuna mtu aliyelia. Kila familia ina sentensi kama hiyo, lakini haiji kwa swali la "unajisikiaje".

Siku hiyo hiyo muulize swali la pili ambalo video nyingi hazina jibu lake: "Mpaka sasa mmefanya nini wenyewe?" Katika mfano wetu, mama anawaonyesha kiti cha zamani walichopewa, kimelala nyuma ya nyumba. Kilikuwa kiti cha kawaida, kile cha hospitali, chenye magurudumu madogo mbele. Kwenye sakafu kinakwenda vizuri. Kwenye mchanga yale magurudumu madogo yanazama, ukisukuma kwa nguvu kinataka kumwaga mtoto mbele. Tena mama ameweka akiba ya mahamri kwa miezi minane, imefika shilingi 12,000.

Mumeona tofauti? Sasa huyu si mtu anayengojea kusaidiwa. Ni mtu anayepambana, amekwama mahali fulani, na mahali penyewe panaonekana. Mtazamaji hamhurumii tu, anaona pengo ambalo yeye anaweza kuliziba.

Kabla ya kuondoka, thibitisheni. Bei mumeambiwa na nani? Muone karatasi ya makadirio ya bei kwa macho yenu. Mtoto kweli yuko shule hiyo? Zungumzeni na mwalimu. Kiti cha zamani kweli hakiendi? Kisukumeni wenyewe. Si kwamba tunamshuku mama. Ni kwamba siku mtu mmoja akiandika chini ya video "hawa waongo", muwe na la kumjibu, na mama naye awe amelindwa.

SEKUNDE TISINI, SEHEMU TANO

Video ya namna hii, sekunde tisini zinatosha. Kwa Kiswahili cha kuongea taratibu, hizo ni kama maneno mia moja na hamsini tu. Ukiandika maneno mia mbili hamsini utalazimika kuyakimbiza, na mtu akikimbiza maneno hasikiki mkweli. Andikeni, kisha someni kwa sauti huku mmoja anahesabu sekunde kwenye simu.

Mpangilio wenyewe ni huu.

Sehemu ya kwanza, sekunde nane: jambo linatokea. Hakuna nembo, hakuna "karibuni", hakuna mwenyekiti aliyekaa mbele ya pazia. Tunaona miguu ya mama kwenye mchanga, na viatu vya shule vya mtoto vikining'inia ubavuni mwake. Tunasikia sauti yake:

"Kutoka hapa hadi shule ni hatua mia saba. Nimezihesabu, kwa sababu nikifika mia nne lazima nikae."

Sehemu ya pili, sekunde ishirini na tano: hawa ni nani. Mama anaendelea:

"Binti yangu ana miaka kumi, yuko gredi ya nne. Hajatembea tangu azaliwe. Alipokuwa mdogo kumbeba haikuwa kazi. Sasa amekuwa mkubwa, na mgongo wangu umeanza kukataa."

Hapa mtoto naye aongee, kama mwenyewe anataka. Na asiongee kuhusu ugonjwa. Aongee kuhusu maisha yake:

"Hisabati huwa ya kwanza asubuhi. Tukichelewa naikuta imefika nusu."

Sehemu ya tatu, sekunde ishirini: wamekwama wapi. Kamera iko kwenye gurudumu dogo lililozama mchangani.

"Kiti tulikuwa nacho. Kwenye huu mchanga hakiendi. Kinachofaa huku ni cha magurudumu matatu, kilichopimwa mwili wake. Bei ni shilingi 72,000. Kwa mahamri nimeweka 12,000 katika miezi minane."

Sehemu ya nne, sekunde kumi na mbili: nini kitabadilika. Hapa ndipo watu hupaa angani: "kiti hiki kitabadilisha maisha yake milele." Hamna ushahidi wa hilo. Semeni kile kinachojulikana:

"Akikipata, atasukumwa hadi mlangoni mwa darasa, na atafika kabla ya kengele."

Sehemu ya tano, sekunde ishirini na tano zilizobaki: ombi. Nitalirudia, manake ndilo linaloharibiwa zaidi.

Angalieni pia kitu kilichokosekana. Jina kamili la mtoto halimo. Jina la shule halimo. Maelezo ya daktari hayamo. Yote hayo mtazamaji hayahitaji ili atoe shilingi 300.

KWA NINI KITI HICHO NA SI KINGINE

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu pesa nyingi za watu hupotea hapa na hakuna aliyeiba. Mukiomba "kiti cha magurudumu" tu, mutakachonunua ni kile cha bei nafuu kilichoko dukani, na baada ya mwezi kitalala nyuma ya nyumba kando ya kile cha kwanza.

Kiti cha magurudumu matatu kwa njia mbovu kina gurudumu la mbele lililo kubwa kidogo na liko mbali mbele, kwa hiyo halizami haraka na kiti hakipinduki kirahisi. Halafu lazima kipimwe kama nguo: upana wa kiti, urefu wa paja, kimo cha pa kuweka miguu, na mto wa kukalia. Kiti kisichomtosha mtoto kinaweza kumpinda mgongo na kumletea vidonda vya kukaa, na mtoto asiyehisi vizuri sehemu za chini hatajua kidonda kimeanza. Kwa hiyo kabla ya video, mtaalamu ampime mtoto na aandike ni kiti gani. Bei inatoka kwenye karatasi hiyo. Mukianza na bei ya kukisia, video itakuwa na nambari ya uongo bila ninyi kukusudia.

Na kuna mpaka wa kiti chenyewe. Mtoto wa miaka kumi anakua. Baada ya muda kitahitaji kurekebishwa, na siku moja atahitaji kingine. Hilo muliandike kwenye maelezo chini ya video, kwa sentensi moja. Musingoje mchangiaji alivumbue mwenyewe baadaye.

UKWELI UNAPOTEA VIPI

Ni watu wachache sana wanaoamka asubuhi na kusema "leo nitengeneze video ya uongo". Ukweli huchujuka kidogo kidogo, kwenye kupiga picha na kwenye kukata.

Umefika saa tano, mtoto yuko nyumbani, unasema "mama hebu mbebe upite hapa tupate picha". Hiyo tayari ni maigizo. Kama unataka picha ya asubuhi, fika alfajiri, siku ya shule, ufuate nyuma. Au mama ametokwa na machozi ukakosa kuyanasa, unamwambia arudie. Usirudie. Au unachukua pumziko lake la hatua ya mia nne na kulirefusha kwa kulipunguza mwendo, na kinanda cha huzuni juu yake. Sauti ya mchanga chini ya miguu inatosha. Wengine wa wafuasi wetu hawapendi ala kabisa, kwa hiyo muziki utawapunguzia watazamaji pia.

Kuna mfano mkubwa ambao dunia nzima iliuona, na ulituhusu sisi Afrika Mashariki. Machi 2012 shirika la Invisible Children la Marekani lilitoa filamu ya nusu saa iitwayo Kony 2012, kuhusu Joseph Kony na kundi la LRA. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwa muda usiofika wiki moja. Kisha tarehe 13 mwezi huo huo ikaonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu ambao vita vile viliwapitia. Wakakasirika, hadi mawe yakarushwa. Walikuja kuona maisha yao, wakaona kwa sehemu kubwa mtengenezaji filamu wa Kimarekani na mwanawe mdogo. Na Kony alikuwa ameshaondoka Uganda miaka kadhaa nyuma, jambo ambalo filamu ililitaja kwa haraka tu.

Kipimo tunachokipata hapo ni rahisi. Kabla ya kuipandisha video, muoneshe yule aliyemo. Kaeni na mama, mumuwekee video nzima kwenye simu, mumuulize: "Mama, haya ndiyo yaliyokuwa? Kuna mahali pamezidi? Kuna mahali hungependa jirani aone?" Akisema toa, munatoa, hata kama ndiyo picha bora kuliko zote. Video isiyoweza kuonyeshwa mtaani kwa mwenyewe haifai kuonyeshwa kwingine.

Na kwa mtoto kuna zaidi ya adabu, kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na habari za afya inaziweka katika kundi la habari nyeti. Chukueni ridhaa ya maandishi, inayosema video itawekwa wapi na ya nini. Kisha muulizeni mtoto mwenyewe pia. Miaka kumi ijayo atakuwa binti wa miaka ishirini anayetafuta kazi, na video yenu huenda bado inazunguka. Jiulizeni kama ataitazama na kunyanyua kichwa.

OMBI MOJA

Sasa turudi kwenye zile sekunde ishirini na tano za mwisho.

Ile filamu ya Kony ilimaliza kwa kuomba mambo mengi: tia saini ahadi, nunua bangili na kifurushi cha mabango, jiandikishe utoe pesa kila mwezi, na zaidi ya yote sambaza, kusambaza ni bure. Watu walifanya lipi? Walisambaza. Usiku wa tarehe 20 Aprili, ambao walitakiwa kutoka kubandika mabango mijini, waliojitokeza walikuwa wachache mno ukilinganisha na wale mamilioni. Mtu akipewa milango minne, huchagua ulio mwepesi, kisha moyo wake hutulia kwamba ameshafanya kitu.

Video zetu zina ugonjwa huo huo. "Tusaidie kwa hali na mali, kwa dua, tufuate kwenye ukurasa wetu, sambaza kwa marafiki, na ukiwa na chochote tuma." Chochote ni kiasi gani? Mtu ana shilingi 500 kwenye simu, anajiuliza ishirini ni aibu? Elfu moja ndiyo heshima? Anapofikiria hivyo, kidole kimeshapita video ya pili.

Ombi kamili lina vitu vinne: kiasi, kitu, mahali na siku. Katika mfano wetu, anayesema ni mmoja wenu, uso mbele ya kamera. Asiwe mtoto. Musimfanye mtoto aombe pesa.

"Zimebaki shilingi 60,000. Tunatafuta watu 200, kila mmoja atume shilingi 300 kabla ya Ijumaa, tarehe 21 Agosti, ili kiti kiwe tayari shule zikifunguliwa. Lipa na M-PESA, Paybill, nambari iko hapa kwenye skrini. Kwenye Account andika KITI. Shilingi 300. Kabla ya Ijumaa."

Halafu video inakwisha. Hakuna kitu baada ya hapo. Nambari ibaki kwenye skrini sekunde tano nzima, herufi kubwa, ili mtu aweze kusimamisha na kunakili.

Hebu tuone kila kitu kinafanya kazi gani. Watu 200 mara 300 ni 60,000, hesabu ambayo mtu anaifanya kichwani na kujiona yeye ni mmoja wa mia mbili. Siku ya mwisho ina sababu, si ya kutisha watu tu. Shule inafunguliwa. Paybill ya kikundi, kwa sababu mtu anapolipa huonyeshwa jina la anayepokea, na akiona jina la kijana mmoja asiyemjua anasita, ana haki ya kusita. Na neno KITI kwenye Account litawatenganishia pesa hizi na za mchango mwingine mukikaa kuhesabu.

Kusambaza je? Liandikeni kwenye maelezo chini, mstari mmoja. Swali la zaka pia litakuja kwenye maoni, lazima: "Naweza kutoa katika zaka yangu?" Muulizeni sheikh wenu kabla video haijapanda, muweke jibu lake chini, na kama zaka itapokelewa basi iwe na neno lake kwenye Account, isichanganywe na sadaka.

PESA ZIKIPUNGUA, PESA ZIKIZIDI

Kabla ya kupandisha, kamati iamue mambo mawili na iyaandike kwenye maelezo. Zikipungua tutafanya nini? Kwa mfano, tutaongeza wiki moja, au tutalipa sehemu kwa mtengenezaji na kusubiri. Zikizidi je? Mfano, zitawekwa kwa ajili ya matengenezo ya kiti hicho hicho. Chochote mutakachoamua, mtoaji akijue kabla hajatoa, manake anatoa kwa ajili ya kiti. Ukizipeleka kwingine bila kumwambia, umeivunja amana yake hata kama kwingine kwenyewe ni kwa kheri.

Na video haifi. Mukifika 60,000 siku ya Jumatano, video bado inaruka kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine, na mwakani mtu atatuma 300 kwa kiti ambacho kimeshapatikana. Ndiyo maana tarehe iandikwe ndani ya video yenyewe, pamoja na mwaka, si kwenye maelezo peke yake, kwa sababu maelezo yanabaki nyuma klipu ikitumwa. Mukifika lengo, badilisheni maelezo siku hiyo hiyo: "Tumefika. Tafadhali musitume tena."

UTAJUAJE KAMA IMEFANYA KAZI

Kabla ya kuipandisha, tafuteni watu watatu wasiomjua mama huyo. Waonyesheni mara moja tu, kwenye simu, bila maelezo. Kisha waulizeni matatu: Ni nani huyu? Amekwama wapi? Unatakiwa ufanye nini? Wakijibu la tatu kwa "kusaidia", ombi halijasikika. Jibu sahihi ni "nitume mia tatu kabla ya Ijumaa". Waonyesheni mara nyingine bila sauti, kwa sababu wengi hutazama wakiwa kwenye matatu, sauti imezimwa. Kama hawaelewi, ongezeni maandishi chini ya picha.

Baada ya kuipandisha, fungueni taarifa ya malipo siku ya pili. Mukiona 300, 300, 300, na hapa na pale 600 au 900 ya mtu aliyewatolea wenzake, ombi limesikika. Mukiona 50, 1,000, 120, 20, watu wameguswa na kisa lakini hawakusikia ombi, kwa hiyo rekebisheni zile sekunde za mwisho. Na kama maoni yamejaa "maskini, Mungu amsaidie" huku pesa haziji, mumetengeneza video ya huzuni. Rudini sehemu ya tatu, mukaonyeshe mahali walipokwama na kile mama alichofanya mwenyewe.

Kisha kuna video ya pili, fupi, sekunde thelathini, ambayo vikundi vingi havitengenezi. Risiti ya kiti, iliyofichwa majina, na kiti chenyewe kikipita juu ya ule mchanga. Jumla iliyoingia, jumla iliyotumika, iliyobaki. Video hii isiombe kitu. Wale 200 waitazame, waone 300 yao imekwenda wapi. Mukija na ombi jingine mwaka ujao, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kufungua simu.

Aliye na video anayoitengeneza sasa hivi, aandike chini ombi lake kwa sentensi moja: kiasi, kitu, mahali, siku. Tutaisoma pamoja na kuinyoosha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.